Nimemwandikia barua developa wa apu yangu ya maziwa. Isomeni kabla sijaituma

Bi_Mtindi · #1

Habari za jioni wakuu. Nina kampuni ndogo huku Nyandarua, watu watatu pamoja na mimi. Tunataka kuondoa madaftari kwenye vituo vya kukusanyia maziwa. Asubuhi karani anapima, anaandika kilo kwenye daftari na kwenye kadi ya mkulima, halafu mwisho wa mwezi ofisi ya ushirika inajumlisha kwa mkono siku nne nzima. Hakuna mwezi unaopita bila mkulima kuja na kadi isiyolingana na daftari, na hapo ni maneno.

Nimepata kijana wa Eldoret anayejitegemea. Kazi zake nimeziona, nimezipenda, na bei tumeelewana kwa simu. Sasa nataka tuandikiane. Barua nimeitunga kwa kuchanganya ninayoyajua na kiolezo cha Wamarekani nilichokiokota mtandaoni. Jina lake nimelitoa.

> Ndugu,
>
> Kufuatia mazungumzo yetu, nakuandikia ili tubaki na kumbukumbu moja.
>
> Kazi: Utatengeneza mfumo kamili wa kusimamia maziwa, yaani apu ya Android ya karani, tovuti ya ofisi, na malipo ya wakulima kwa M-Pesa. Mfumo uwe rahisi kutumia na ufanye kazi hata pasipo na mtandao.
>
> Malipo: Jumla ni shilingi 360,000. Utapata 36,000 ukianza, 144,000 apu na tovuti zikikamilika, na 180,000 nikiridhika kwamba mfumo wote unafanya kazi.
>
> Umiliki: Msimbo wote ni kazi ya kukodiwa na ni mali ya kampuni tangu mstari wa kwanza. Huruhusiwi kuutumia popote pengine.
>
> Muda: Wiki 12.

Rafiki yangu mmoja ameisoma akasema ni kali mno. Mimi sioni ukali wowote. Nyinyi mwaonaje?

Ngamia_wa_Mjini · #2

360,000 kwa apu ya kuandika kilo? Dada umepigwa. Kuna kijana hapa Thika anakufanyia kwa 80,000 na logo juu yake. Nikupe namba?

Bi_Mtindi · #3

Asante ndugu, lakini sijauliza bei. Nauliza barua.

Fundi_Nati · #4

Nimekaa upande wa huyo kijana miaka tisa. Barua hii ningeikataa kwa neno moja tu: "nikiridhika". Nusu ya hela yote imening'inia kwenye neno hilo. Unaweza kuwa mwaminifu kama mchana, lakini mimi nitajuaje leo kwamba utaridhika na nini wiki ya 12?

Halafu shida haianzii kwenye malipo. Inaanzia kwenye "mfumo kamili" na "ufanye kazi hata pasipo na mtandao". Maneno hayo wewe unayasoma hivi na yeye anayasoma vingine. Chukua hilo la mtandao. Fundi mvivu ataweka apu ihifadhi kilo kwenye simu, mtandao ukirudi itume, basi, amemaliza. Sasa tazama asubuhi ya kweli. Karani ameingiza kilo 14 za mkulima namba 212. Simu inatuma, seva inapokea, lakini jibu linapotea njiani kwa sababu mtandao umekatika tena. Simu inadhani haikufika, inatuma mara ya pili. Ofisini mkulima 212 ana kilo 28. Mwisho wa mwezi umelipa maziwa ambayo ng'ombe hakuyatoa.

Dawa yake inajulikana: kila rekodi ipewe namba yake ya pekee palepale kwenye simu, na seva ikiona namba ileile tena isihesabu upya. Kwa fundi anayejua ni kazi ya siku moja akiipanga mwanzoni, na ni ya wiki mbili akiambiwa mwishoni. Kama barua haiitaji, wewe utasema ni hitilafu airekebishe bure, yeye atasema ni kazi mpya alipwe. Na wote wawili mtakuwa na haki.

Kwa hiyo usimwandikie sifa za mfumo. Mwandikie jaribio. Kwa mfano: "Makarani wa vituo viwili watatumia apu siku 5 mfululizo huku daftari likiendelea. Kila siku simu itazimwa mtandao na kuwashwa mara kadhaa katikati ya upimaji. Jumla ya kilo za kila mkulima ofisini ilingane na daftari." Likilingana, analipwa. Lisipolingana, mnafungua daftari mnaona ni mkulima gani na siku gani. Hapo neno kuridhika halina kazi tena.

Bi_Mtindi · #5

Hili la kilo kuingia mara mbili sikuwa nimeliwaza kabisa, na nimelala na mawazo ya maziwa mwaka mzima. Naliandika. Na umiliki je?

Kobe_Mzee · #6

Umiliki ni rahisi. Msimbo ni wa aliyeuandika mpaka atie sahihi kukuhamishia. Ndivyo ilivyo dunia nzima. Kwa hiyo barua isipotiwa sahihi na yeye, umelipa 360,000 na huna kitu.

Karani_Mstaafu · #7

Mzee wangu Kobe, umesema kweli kwa nchi nyingi, ila kwa Kenya hujafika. Mimi si wakili, nimekaa tu ofisi ya mawakili miaka mingi nikizichapa hizi barua.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31, inaanza kama ulivyosema, kwamba haki ni ya mtunzi. Lakini inaendelea: kazi ikiwa imeagizwa na mtu ambaye si mwajiri wa mtunzi, haki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa wenyewe wawe wamekubaliana vingine. Maana yake, dada huyu hata asipoandika neno lolote kuhusu umiliki, sheria ya hapa imeegemea upande wake.

Sasa hiyo "kazi ya kukodiwa" ni ya Marekani na huko kwenyewe haifanyi kazi watu wanavyodhani. Sheria yao inahesabu kazi ya mtu wa kujitegemea kuwa "ya kukodiwa" katika aina chache zilizotajwa tu, na programu za kompyuta hazimo kwenye orodha. Mwaka 1989 Mahakama yao ya Juu iliamua kesi ya mchongaji Reid na shirika lililomwagiza sanamu. Shirika lilidhani kwa kuwa liliagiza na kulipa, basi haki ni zake. Mahakama ikasema huyu hakuwa mwajiriwa. Ndiyo maana mikataba yao mizuri huongeza mstari wa pili wa kuhamisha haki kwa maandishi. Kiolezo chako kina ule wa kwanza tu. Futa, uandike kwa maneno ya kawaida.

Na hata hapa kwetu usiiachie sheria ijisemee. Siku ukitaka kuuza kampuni au kuingiza mwekezaji, wakili wake hataki kusikia habari za kifungu cha 31 na nani aliagiza nini kwa simu. Atakuuliza karatasi iliyotiwa sahihi.

Fundi_Nati · #8

Nakubaliana na Karani, lakini hapo ndipo mnapomsukuma fundi ukutani. Sheria inampa mwagizaji haki tangu mwanzo, na barua inamlipa fundi mwishoni. Kwa barua ya kwanza ile, wiki ya 11 kijana ameshaandika karibu kila kitu, ameshika 180,000, mwenye mali ni wewe, na 180,000 nyingine iko mfukoni mwako ikingoja uridhike. Akiondoka naye utamlaumu?

Haki na hela vitembee pamoja. Kila hatua iliyokubaliwa na kulipwa, msimbo wake unahamia kwako siku hela inapoingia. Kabla ya hapo una ruhusa ya kuujaribu tu. Na msibishane baadaye ni msimbo upi. Siku ya kukubali hatua, wekeni alama kwenye ripo, yaani hifadhi ya msimbo:

```
git tag -a hatua-1 -m "Apu ya karani, imekubaliwa"
git push origin hatua-1
```

Barua inasema: "msimbo wote uliomo kwenye alama `hatua-1`". Hata hakimu asiyejua kompyuta ataelewa kwamba kuna kitu chenye jina na tarehe.

Karani_Mstaafu · #9

Naomba dada aelewe anachoombwa. Kifungu kinampa haki mapema, na Fundi anamwambia aisogeze mbele hadi siku ya malipo. Ni kuachia kitu. Si vibaya, lakini aachie akijua.

Bi_Mtindi · #10

Nimeelewa. Kwangu mimi si hasara kubwa kama malipo yamekatwa vipande vidogo, maana kisicholipwa kitakuwa kidogo kila wakati.

binti_Tanga · #11

Samahani kuingilia, mimi niko Tanga na yangu ni ya duka la vitenge. Mkataba nilikuwa nao, umeandikwa vizuri kabisa kwamba kila kitu ni changu. Yule kijana alisajili domeni kwa barua pepe yake, seva kwa kadi yake, na apu kaiweka kwenye akaunti yake ya Play Store. Tulipokosana hakuchukua chochote. Aliacha tu kujibu simu. Domeni ikaisha muda, tovuti ikazimika, wateja wakadhani nimefunga duka. Mkataba wangu upo kabatini hadi leo. Kwa sheria ya huku kwetu ningefanyaje?

Karani_Mstaafu · #12

Pole sana mwanangu. Sheria ya Bara sitaki kukudanganya, muone wakili wa hapo. Ila anza na msajili wa domeni ukiwa na risiti zako zote.

Fundi_Nati · #13

Kisa cha binti_Tanga kingetakiwa kiwe #1. Karatasi inakupa haki ya kudai. Nywila ndiyo inakupa mali yenyewe.

Bi_Mtindi, kabla hajaandika mstari wowote: fungua shirika lako GitHub, ripo iwe humo, yeye umwalike. Domeni isajiliwe kwa barua pepe ya kampuni, si yako binafsi wala yake. Akaunti ya Play Console ni dola 25 mara moja tu, lipa mwenyewe, yeye umpe ruhusa ya kupandisha matoleo. Watu wanaogopa sana ile faili ya ufunguo, `upload-keystore.jks`, kwamba fundi akiondoka nayo apu imekufa. Kwa apu mpya Google yenyewe inashika ufunguo mkuu, na huo wa kupandishia ukipotea mwenye akaunti anaomba ubadilishwe. Ila lazima awe *mwenye akaunti*. Akaunti ikiwa ya fundi, unaomba kwa nani?

M-Pesa ndiyo usilegeze kabisa. Namba fupi ya kulipia wakulima na mlango wa usimamizi wake viwe kwa jina la kampuni, na nywila ya anayeidhinisha malipo uiweke wewe. Huyo kijana hana haja ya kuijua. Anaweza kujenga yote kwenye mazingira ya majaribio ya Daraja, ule mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, na siku ya kwenda hewani unaiingiza mwenyewe kwenye seva.

Hapo hapo kuna jambo la kumtetea. Kuruhusiwa kwenda hewani kunategemea karatasi za kampuni yako na Safaricom, si yeye. Ukifunga hela yake yote ya mwisho kwenye malipo ya kweli ya kwanza, umemfanya angoje foleni asiyoimiliki.

ChapatiMbili · #14

Ongezeni na kodi, msije mkagombana kama mimi. Nilimaliza hatua, nikatarajia 100,000, ikaingia 95,000. Nikampigia bosi nikiwaka. Kumbe alikata asilimia 5 ya kodi ya zuio kupeleka KRA, na alikuwa sahihi. Malipo ya kitaalamu yakifika 24,000 kwa mwezi anatakiwa akate. Cheti kilinisaidia nilipowasilisha ritani. Ila angeniandikia mapema nisingemtukana.

Bi_Mtindi · #15

Sikuwa nimeiweka! Asante. Na ankara lazima iwe ya eTIMS, ule mfumo wa ankara wa KRA, mhasibu wangu ananikumbusha kila siku maana bila hiyo gharama haihesabiki.

Nimekaa na barua tangu jana. Hii hapa:

> Ndugu,
>
> Nakuandikia ili tulichokubaliana kwa simu kiwe na maandishi. Palipo na kosa sahihisha, kisha sote tutie sahihi.
>
> Utakachotengeneza. Apu ya Android ambayo karani anachagua mkulima kwa namba, anaingiza kilo, na rekodi inahifadhiwa hata bila mtandao. Rekodi moja isihesabiwe mara mbili hata ikitumwa mara ngapi. Tovuti ya ofisi inayotoa hesabu ya mwezi ya kila mkulima: kilo, bei, makato ya vyakula vya mifugo, na baki. Kisha kulipa baki hiyo kwa M-Pesa kutoka kwenye tovuti, baada ya watu wawili wa ofisi kuidhinisha.
>
> Visivyomo. Kuunganisha mzani na simu, apu ya mkulima, apu ya iPhone, na ujumbe mfupi kwa wakulima. Nikivitaka tutaandikiana upya, na bei na siku zake. Ombi la kwa simu au WhatsApp halibadilishi barua hii mpaka mmoja wetu aliandike na mwenzake ajibu "nakubali" na bei.
>
> Malipo. Jumla ni 360,000. Arubuni 72,000 siku ya kutia sahihi. Apu ya karani 108,000, ikifaulu jaribio la siku 5 katika vituo viwili, kilo zikilingana na daftari. Tovuti ya ofisi 108,000, ikitoa hesabu ya mwezi mmoja uliokwisha sawa na ile iliyofungwa kwa mkono. Malipo ya M-Pesa 54,000 yakifaulu kwenye mazingira ya majaribio, pamoja na malipo yaliyokataliwa na yaliyokatika njiani. Makabidhiano 18,000.
>
> Ukinipa hatua, nina siku 7 za kuijaribu na kukuandikia kasoro. Nikinyamaza siku 7, imekubaliwa. Nitalipa ndani ya siku 5 za kazi baada ya ankara yako ya eTIMS. Nitakata asilimia 5 ya zuio, yaani kwenye 108,000 utapokea 102,600 na cheti cha 5,400.
>
> Umiliki. Siku malipo ya hatua yanapokufikia, haki zote za hakimiliki katika msimbo ulioandikia hatua hiyo, kama ulivyo kwenye alama yake katika ripo, zinahamia kwa kampuni. Ukimpa mwenzako sehemu ya kazi, kwanza atie sahihi maneno haya haya. Msimbo uliokuwa nao kabla ya barua hii unabaki wako. Unaoutumia humu niorodheshee kabla ya kuuingiza, na kampuni inapata ruhusa ya kudumu isiyofutika ya kuutumia, kuubadilisha na kumpa fundi mwingine aufanyie kazi.
>
> Makabidhiano. Fundi mwingine, kwa kufuata maelezo yako tu, ataujenga mfumo kwenye kompyuta isiyowahi kuugusa.
>
> Tukiachana. Yeyote anaweza kuacha kwa notisi ya siku 14. Hatua iliyokubaliwa inalipwa yote. Iliyo katikati tunapima pamoja, na nikiilipia inakuwa ya kampuni.

Kobe_Mzee · #16

Sasa hii ni barua. Ila arubuni ya 72,000 ni nyingi. Akipotea nayo?

Fundi_Nati · #17

Akipotea umepoteza 72,000. Usipompa, atachukua kazi nyingine ya kumlisha wiki za kwanza na yako ataifanya usiku. Ukiogopa, kata hatua ya kwanza vipande viwili.

Jaribio la makabidhiano limenifurahisha. Likifanywa kweli ni hivi:

```
git clone git@github.com:jina-la-kampuni/maziwa.git
cd maziwa
./gradlew assembleRelease
```

Ikikwama kwa sababu kuna faili lipo kwenye kompyuta ya fundi peke yake, umegundua wakati bado una 18,000 yake. Mara ya kwanza karibu kila mtu anakwama, hata mimi, kwa hiyo usimuone mwizi. Lakini 18,000 ni ndogo kumrudisha mtu akiwa amechoka. Ningeweka 36,000, na ile ya M-Pesa ishuke hadi 36,000 pia.

Karani_Mstaafu · #18

"Iliyo katikati tunapima pamoja." Nani anapima mkiwa mmekasirikiana? Andika saa, au asilimia, au taja mtu wa tatu mnayemwamini wote.

ChapatiMbili · #19

Na hiyo ruhusa ya msimbo wake wa zamani. Ukiuza kampuni, mnunuzi naye ana ruhusa? Mimi ningekuwa huyo kijana ningesema hapana, nimekupa wewe.

Karani_Mstaafu · #20

Haipo kwenye barua, kwa hiyo kila mmoja atasema lake. Kwa upande wa dada, aongeze "na yeyote atakayechukua biashara hii". Kwa upande wa kijana, ningemshauri adai kitu.

Fundi_Nati · #21

Sikubaliani. Mnunuzi atakayeambiwa sehemu ya mfumo haihami na kampuni hanunui. Hiyo ruhusa ni sehemu ya ile 360,000.

ChapatiMbili · #22

360,000 ilikubaliwa kwa simu kabla neno hilo halijatajwa, mkuu.

Bi_Mtindi · #23

Nimeituma jana, nikiwa nimepandisha makabidhiano hadi 36,000 na kushusha M-Pesa hadi 36,000. Ya mnunuzi nimeiweka pia, nione atasemaje.

Amejibu leo asubuhi. Arubuni sawa, majaribio sawa, akaniuliza kama daftari lenyewe huwa na makosa, na nani ataamua apu ikiwa sahihi na karani amekosea kuandika. Sikuwa na jibu. Tumekubaliana kilo zikitofautiana watatazama kadi ya mkulima, na kadi ikikubaliana na apu imefaulu. Msimbo wake wa zamani ni moduli moja ya kutuma maombi Daraja, ameiorodhesha. Kuhusu mnunuzi wa kampuni amesema anataka 20,000 zaidi au sentensi itoke.

Ngamia_wa_Mjini · #24

Yule wa Thika hangekuuliza maswali yote hayo.

Bi_Mtindi · #25

Ndiyo maana nimemchukua huyu. Ya 20,000 bado naipigia hesabu, nitampigia Jumatatu.